Luku ya Nyakanazi

Wiki hii nina kisa cha binamu yangu wa Ngara, muuza mitumba, kijana wa pamba kali.

Siku moja alikuwa Nyakanazi, kule Biharamulo barabara inapogawanyika, moja kuelekea Rusumo na nyingine Kigoma. Akapigwa picha ya nguvu: jaketi la jinzi, suruali pana, raba nyeupe ambazo vumbi lilikuwa bado halijazigusa. Nguo zote ni za biashara yake, kwa hiyo picha ndiyo tangazo lenyewe. Akaituma kwenye simu za wateja na chini yake akaandika Kisheng cha Nairobi: "Nimedunga luku, njumu ni moto!"

Weee! Shangazi akawa wa kwanza kujibu. Akauliza namba ya mita, amnunulie umeme. Mwingine akauliza amedungwa sindano ya nini. Halafu akatokea kijana wa timu ya mtaa, pesa mkononi, anataka njumu za mpira namba 42. Alipoonyeshwa raba akageuza, akaenda zake. Mteja huyo, kwaheri!

Kosa si la shangazi. Nairobi "luku" ni mwonekano wa mavazi, "kudunga" ni kuvaa, na "njumu" ni viatu. Kwetu LUKU ni Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, kudunga ni kazi ya nesi, na njumu zina meno ya kukamata nyasi. Neno ni lile lile ila limevuka mpaka likabadilisha kazi.

Tukakaa naye tukaanza upya. Nilimwambia asilifute neno la Kisheng. Aliweke karibu na kitu kinachoonekana pichani, halafu ile maana yetu ya nyumbani aifanye ndiyo kichekesho. Tukapata tatu:

"Luku hii haidai tokeni."

"Nimedunga jinzi, nesi hausiki."

"Njumu za lami, uwanjani usizilete."

Umeona? Anayejua Kisheng anacheka, na asiyejua anaelewa kwa kuwa jinzi na lami anaziona. Tukikiweka Kisheng kisha chini yake tafsiri, utani umekufa. Na mstari mmoja unatosha. Tulipoweka yote matatu pamoja, macho yaliacha jaketi yakaanza kusoma risala.

Kabla ya kutuma, binamu alimwonyesha shangazi picha yenye maneno ya kwanza. Akitabasamu, tunatuma, akiuliza "maana yake nini?", tunarudi mezani. Shangazi alitazama, akacheka, kisha akasema, "Sawa, haidai tokeni. Lakini ya kwangu inadai, niletee ya elfu tano."

Binamu alilipa. Wiki ijayo panapo majaliwa, wapenzi!