Sekunde 90 mbele ya mwekezaji: Acha nembo, onyesha kazi

Mwaka jana rafiki yangu alipewa dakika tano mbele ya wawekezaji hapa Nairobi. Sekunde 90 alizitengea video ya programu yake. Programu yenyewe iko sawa: mwenye duka anaandika deni la mteja kwenye simu, mteja anakumbushwa kwa ujumbe mfupi, na akilipa kwa M-Pesa deni linajifuta.

Lakini video ilianza na nembo ikizunguka, muziki, picha za jiji kutoka angani, kisha jamaa mwenyewe akisimulia ndoto yake. Programu ilionekana sekunde ya 55. Video ilipoisha, swali la kwanza likawa: "Lakini hii kitu inafanya nini?"

Wengi walilaumu kamera. Mimi nalaumu skripti.

Skripti ya demo inafaa kufuata mtu mmoja akifanya kazi moja hadi iishe. Tulipoiandika upya, tuligawa karatasi safu mbili: kushoto kinachoonekana, kulia kinachosemwa. Sekunde kumi za kwanza tuliweka daftari la duka lililochakaa, mwenye duka akitafuta deni la Sh350 kati ya majina yaliyofutwafutwa. Kisha simu. Hadi sekunde ya 70 tulifuata hizo Sh350 pekee: zinaandikwa, mteja anakumbushwa, analipa, deni linafutika. Sekunde 20 zilizobaki ni za wenye maduka wanaoitumia tayari. Ombi la pesa tulimwachia yeye aliseme akiwa amesimama pale mbele.

Maneno nayo yalipunguzwa. Ukisoma kwa utulivu, sekunde 90 hubeba maneno kama 180. Sisi tuliandika 120, kwa sababu mtu hawezi kusoma skrini na kukusikiliza kwa wakati mmoja. Vidole vikibonyeza, sauti inyamaze.

Kuna jambo lingine ambalo vijana wengi hulichezea: kuonyesha kitu ambacho bado hakijajengwa. Kukata sehemu ya kusubiri malipo si kosa, mradi uandike kwenye skrini kwamba umekata. Lakini ukichora kitufe kisichofanya kazi, umedanganya. Mwekezaji mmoja akiomba kushika simu na kukijaribu, umeisha, na hata yale ya kweli uliyosema hataamini tena. Kama kumbukumbu za madeni bado mnazituma kwa mkono, semeni hivyo. Hiyo si aibu kwa biashara changa.

Kabla ya siku yenyewe, zima sauti na umwonyeshe video mtu asiyeijua programu yako, hata kama ni shangazi yako. Muulize inafanya nini. Akianza kusifu rangi, rudi kwenye karatasi.