Benki Ikinyamaza, Barua Iandikwe kwa Tarehe

Mteja aliyekaa wiki kadhaa bila kujibiwa na benki yake hubeba uchungu wa aina mbili: wa fedha zilizotoweka na wa kupuuzwa. Anapoamua kumwandikia msuluhishi wa malalamiko ya fedha, mara nyingi huo wa pili ndio unaojaza kurasa. Uingereza, ambako wanaishi Waswahili wengi wenye akaunti katika benki za huko, jambo hilo linaweza kumpunguzia mtu nguvu ya madai yake. Kwa kanuni za nchi ile, ukimya wa benki humfungulia mteja mlango wa msuluhishi, lakini ukimya wenyewe, ukisimama peke yake, si shauri ambalo msuluhishi ataliamua. Anachoamua ni lile lililofanyika kwenye akaunti.

Kwanza ni kujua barua inakwenda kwa nani. FCA, mamlaka inayosimamia mwenendo wa taasisi za fedha, haiamui malalamiko ya mteja mmoja mmoja. Hupokea taarifa, na taarifa hizo huweza kuisaidia kuichunguza benki, ila haitamwamuru mtu akulipe. Kazi hiyo ni ya huduma ya msuluhishi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2000, ambayo mteja haitozwi hata peni moja kuitumia. Anayemwomba msuluhishi aifungie benki leseni amebisha hodi nyumba isiyo yake, na anayeiomba FCA imrudishie fedha zake naye vivyo hivyo.

Tuchukue mfano wa muuguzi anayeishi Leicester. Jumatatu ya tarehe 3 Machi 2025 anakuta pauni 1,460 zimehamishwa kutoka kwenye akaunti yake kwenda kwa mtu asiyemjua. Anapiga simu benki siku hiyohiyo na kupewa namba ya kumbukumbu. Kanuni za huduma za malipo za mwaka 2017 zinasema muamala ambao mwenye akaunti hakuuidhinisha urejeshwe kabla ya mwisho wa siku ya kazi inayofuata, isipokuwa benki iwe na sababu za msingi za kumshuku mteja mwenyewe kwa udanganyifu na izifikishe kwa mamlaka husika kwa maandishi. Wiki inapita, fedha hazijarudi. Tarehe 10 Machi anatuma malalamiko rasmi kwa maandishi. Anapata ujumbe wa kuthibitisha kwamba yamepokelewa, kisha kimya.

Hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Watu wameshika kwamba benki ina wiki nane za kujibu, na kwa malalamiko ya kawaida ni kweli. Malalamiko yanayohusu malipo, kama haya, yana muda mfupi zaidi: siku 15 za kazi baada ya siku yalipopokelewa. Kwa muuguzi wetu muda huo uliisha tarehe 31 Machi. Benki ingeweza kusogeza hadi siku 35 za kazi, yaani tarehe 30 Aprili ukiondoa sikukuu mbili za Pasaka, lakini kwa masharti: iwe na sababu isiyo ya kawaida iliyo nje ya uwezo wake, na imwandikie mteja kumweleza sababu hiyo na tarehe atakayojibiwa. Haikuandika chochote. Kwa hiyo tarehe 1 Aprili alikuwa na haki ya kwenda kwa msuluhishi, wakati jirani anayemshauri asubiri wiki nane angemweka hadi mwanzoni mwa Mei.

Barua yake, tukiiweka kwa Kiswahili, inatosha kuwa hivi:

"Ninalalamikia muamala wa pauni 1,460 wa tarehe 3 Machi 2025 ambao sikuuidhinisha. Nilitoa taarifa kwa simu siku hiyohiyo. Namba ya kumbukumbu nimeiambatanisha. Tarehe 10 Machi niliwasilisha malalamiko kwa maandishi na benki ikakiri kuyapokea. Hadi leo, tarehe 7 Aprili, sijapata jibu la mwisho wala barua ya kuniarifu kwamba muda umeongezwa. Tarehe 28 Machi nilikopa kwa dada yangu ili nilipe kodi ya nyumba. Ujumbe wetu na risiti ya kodi vimo humu. Naomba nirejeshewe pauni 1,460, riba tangu tarehe 3 Machi hadi siku ya malipo, na pauni 150 kwa usumbufu."

Barua haikutaja "wizi mkubwa" wala "benki ya matapeli", na haikupungukiwa. Kila sentensi ina tarehe au karatasi inayoithibitisha, na mchunguzi anaweza kuiuliza benki kuhusu kila moja. Neno "sikuuidhinisha" ndilo linalobeba madai yote. Benki ikijibu kwamba muamala ulipita kwa namba ya siri sahihi, kanuni zinasema matumizi ya namba hiyo hayatoshi peke yake kuthibitisha kwamba mwenye akaunti aliridhia. Lakini kama muuguzi alituma fedha mwenyewe baada ya kulaghaiwa kwa simu, shauri ni jingine, lina kanuni zake za marejesho, na akitumia neno lile atajiharibia. Aeleze kilichotokea kama kilivyotokea.

Ombi nalo liwe la kuhesabika. Kwa malalamiko ya kipindi hicho, riba iliyozoeleka kwa msuluhishi ilikuwa asilimia 8 kwa mwaka bila riba juu ya riba, na kwa pauni 1,460 hiyo ni peni 32 kwa siku. Fidia ya usumbufu ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kero ya mara moja huishia pauni 100 au chini yake, na usumbufu uliojirudia na kumpa mtu kazi ya kuufuatilia huweza kufika 300. Kudai pauni 5,000 kwa kunyamaziwa hakumwongezei mteja kitu. Mkopo ule wa kodi ya nyumba una uzito zaidi, kwa kuwa unaonyesha madhara halisi.

Wanaozitetea benki wana hoja ya kusikilizwa: udanganyifu hauchunguziki kwa siku moja, na benki inayolipa bila kuchunguza hulipa pia wadanganyifu. Nakubali. Ila kanuni zimekwisha kuipa benki nafasi hiyo, kwa gharama ya barua moja ya kueleza sababu na kutaja tarehe. Isiyoandika hata barua hiyo haiwezi kujificha nyuma ya ugumu wa uchunguzi.

Ninachokiona kuwa pengo ni gharama ya ukimya. Benki iliyomaliza idadi yake ya mashauri ya bure kwa mwaka hulipa ada, iliyokuwa pauni 650 mwaka 2025, kwa kila shauri linalofika kwa msuluhishi, lakini hulipa kiasi kilekile ikiwa ilimjibu mteja kwa uangalifu akakataa jibu, au ikiwa haikumjibu kabisa. Aliyejaribu na aliyepuuza wamewekwa mizani moja. Ada ya shauri lililofika bila jibu ndani ya muda ingepaswa kuwa kubwa zaidi, na tofauti hiyo imwendee mteja aliyesubirishwa. Hilo halihitaji msuluhishi kuwa mwadhibu. Linahitaji kanuni ya ada tu.

Nchini Tanzania, Benki Kuu ina dawati lake la malalamiko na kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019, na huko pia mteja huanzia kwenye benki yake kabla ya kupanda juu. Muda na viwango si vya Uingereza, kwa hiyo usivinakili. Lakini ukiwa Leicester au Dodoma, lalamika kwa maandishi siku ileile unayogundua kosa, na usikubali simu ikate kabla hujapewa namba ya kumbukumbu.