UCHAMBUZI: Tangazo la gari lililotumika lisifiche kilomita za Lodwar na Kakuma

KWA mnunuzi wa gari lililotumika katika kaunti ya Turkana, tangazo la mauzo ndilo ushahidi wa kwanza anaopewa kabla hajatoa nauli. Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni takriban kilomita 120. Kutoka Lodwar hadi Kitale, ambako wengi huenda kutafuta magari ya bei nafuu, ni takriban kilomita 300. Anayesafiri mwendo huo akakuta gari silo lililoelezwa amepoteza siku nzima na gharama zake. Tena mara nyingi, kwa kuwa ameshafika na fedha anazo, hulinunua lilo hilo kwa shingo upande.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukiyapitia matangazo ya magari, utaona kwamba mengi yanajitembeza. Yamejaa sifa zisizoweza kupimwa, nayo mambo manne anayoyahitaji mnunuzi, yaani hali ya gari, kilomita, historia na bei, ama hayamo kabisa au yametajwa kwa namna ya kupotosha.

Tuchukue mfano wa tangazo la aina hiyo, tulihariri hatua kwa hatua:

"Probox safi sana linauzwa Kakuma. Halina shida yoyote. Limetembea kilomita 89,000 pekee. Limetunzwa na mwenyewe, halijawahi kubeba abiria. Injini kama mpya. Bei ya kuelewana. Wanunuzi wa kweli pekee."

Hapa pana sentensi saba, lakini ni moja tu iliyo na tarakimu. Mhariri aanze na hiyo, kwa kuwa tarakimu inaweza kuhakikiwa ilhali "safi sana" haiwezi.

Swali la kwanza kwa muuzaji ni mwaka gari lilipoundwa na mwaka liliposajiliwa nchini. Watu wengi hukadiria umri wa gari kwa herufi za namba ya usajili, nazo huonyesha tu wakati lilipoingia katika sajili ya Kenya. Sheria yetu inaruhusu kuingizwa kwa gari lililotumika ambalo halijapita miaka minane. Kwa hivyo, gari lililosajiliwa 2019 laweza kuwa liliundwa 2012. Tuseme muuzaji wetu anajibu hivyo hivyo: liliundwa 2012, likasajiliwa 2019. Miaka yote miwili iandikwe, kwani tofauti yake ni miaka saba ya uchakavu.

Swali la pili ni cheti cha kuuzia gari nje kutoka Japani. Waagizaji wengi huwa nacho miongoni mwa stakabadhi za forodha, na ndani yake huandikwa kilomita zilizosomwa gari lilipokaguliwa huko. Tuseme cheti cha gari letu kinaonyesha kilomita 71,000.

Sasa hesabu ni nyepesi. Tangazo ladai kilomita 89,000. Ukitoa 71,000, inabaki 18,000 kwa miaka sita tangu 2019 hadi 2025. Safari ya kwenda na kurudi kati ya Lodwar na Kakuma ni kilomita 240. Kilomita 18,000 ni safari 75 za aina hiyo kwa miaka yote sita, yaani takriban moja kila mwezi. Je, Probox lililo Kakuma, gari ambalo watu hulinunua ili lifanye kazi kila siku, lilikuwa limeegeshwa mwezi mzima likingoja safari moja?

Mhariri hana haja ya kumwita muuzaji mwongo. Inatosha amwekee hesabu hiyo mbele yake na kumwomba aeleze. Mara nyingi maelezo yapo, tena si ya wizi. Katika mfano wetu, muuzaji anakiri kwamba gari lilikuwa likibeba abiria kati ya Lodwar na Kakuma siku nne kwa wiki tangu 2019 hadi 2022, mpaka mita ya dashibodi ilipokufa. Fundi akatia nyingine iliyotolewa katika gari jingine, nayo ikaja na kilomita zake. Baada ya hapo gari limetumika kwa shughuli za nyumbani.

Maelezo hayo yanabadilisha kila kitu. Safari nne za kilomita 240 ni kilomita 960 kwa wiki. Kwa wiki 50 za kazi, hizo ni kilomita 48,000 kwa mwaka, na kwa miaka mitatu ni 144,000. Ukijumlisha na zile 71,000 za Japani, gari lilikuwa limefikisha takriban kilomita 215,000 kabla mita haijabadilishwa. Tarakimu 89,000 inasomeka kweli kwenye dashibodi, lakini haielezi safari za gari hili.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mhariri asiandike 215,000 kana kwamba ni ukweli uliothibitishwa. Hayo ni makadirio yanayotegemea kumbukumbu ya muuzaji. Anachoweza kuandika kwa hakika ni mambo matatu: kilomita za cheti, mwaka mita ilipobadilishwa, na kwamba jumla halisi haijulikani ila inakadiriwa kupita 200,000. Msomaji atajua lipi limeandikwa katika hati na lipi limesemwa kwa mdomo.

Dalili za mita kudanganya huonekana pia bila hati. Raba ya pedali ya breki iliyolika hadi chuma, usukani uliong'aa kwa kushikwa, na kiti cha dereva kilichobonyea upande mmoja havilingani na gari la kilomita 89,000. Kibandiko cha gereji kinachoonyesha kilomita za oili iliyopita nacho husema mengi. Mhariri aombe picha ya pedali na ya mita, kwani picha ya gari kutoka nje baada ya kuoshwa haithibitishi kitu.

Lakini kilomita peke yake hazitoshi. Barabara ya Lodwar hadi Kakuma kwa miaka mingi ilikuwa vipande vya lami iliyobomoka na changarawe, kabla ya kujengwa upya katika mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Gari lililofanya kazi kabla ya lami mpya limepigwa chini kuliko lililoanza kazi baadaye, hata zikilingana kwa kilomita. Ndiyo sababu miaka ya kazi na njia yenyewe vitajwe. Katika mfano wetu, "lilibeba abiria Lodwar-Kakuma 2019 hadi 2022" ni maneno machache yanayomwambia fundi yeyote aanze kukagua wapi: shokamzoba, bushi na springi za nyuma.

Hapo ndipo tunapofikia hali ya gari. "Halina shida yoyote" ifutwe yote. Mahali pake pawekwe kilichotengenezwa, lini, na kilichobaki bila kutengenezwa. Kwa joto la Turkana, swali kuu ni mfumo wa kupoza injini. Je, injini imewahi kuchemka? Rejeta ilibadilishwa? Gasketi ya silinda ilifunguliwa? Swali la pili ni vumbi: chujio la hewa hubadilishwa kila baada ya muda gani? La tatu ni maji, kwa kuwa gari lililozimika ndani ya laga iliyofurika laweza kuwa na kasoro za umeme zitakazojitokeza baadaye. Muuzaji wetu anajibu kwamba rejeta ni ya 2023, shokamzoba za nyuma zimechoka, na kiyoyozi hakifanyi kazi.

Wauzaji wengi huogopa kutaja kasoro wakidhani zitamfukuza mteja. Ukweli ni kwamba kasoro itaonekana dakika kumi baada ya mnunuzi kufika na fundi wake. Ikiwa ilitajwa, imeshahesabiwa katika bei. Ikiwa ilifichwa, mnunuzi ataanza kushuku hata yale yaliyo ya kweli.

Historia ina upande wa hati pia. Jina lililo katika kitabu cha umiliki, au logibuku, ni la muuzaji? Magari mengi hupita mikono miwili au mitatu bila umiliki kuhamishwa rasmi, na ikiwa gari lilinunuliwa kwa mkopo, jina la benki huwa limo pamoja na la mwenyewe. Utafutaji wa rekodi katika mfumo wa NTSA, kupitia eCitizen, huonyesha mmiliki aliyesajiliwa. Tangazo liseme wazi kama jina ni la muuzaji na kama kuna deni.

Kakuma kuna suala jingine lisilo la kawaida kwingine. Tangu kambi ilipoanzishwa 1992, mashirika mengi yamefanya kazi humo kwa magari yaliyosamehewa ushuru. Gari la aina hiyo likiuzwa kwa mtu asiye na msamaha huo, ushuru hudaiwa. Kwa hivyo, "lilikuwa la shirika" ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni iwapo ushuru umelipwa na risiti ipo. Kwa upande mwingine, magari ya mashirika aghalabu huwa na daftari la matengenezo, na gari la kilomita 180,000 lenye daftari laweza kuwa heri kuliko la 90,000 lisilo na maelezo.

Mwisho ni bei. "Bei ya kuelewana" humlazimu kila anayetaka kujua apige simu, na humpa dalali nafasi ya kumpima mteja kwa lafudhi yake. Iandikwe tarakimu, iongezwe kama inapungua, na nani atalipa ada ya kuhamisha umiliki.

Baada ya kuhaririwa, tangazo letu litasomeka hivi:

Toyota Probox, petroli, 1500cc. Liliundwa 2012, likasajiliwa Kenya 2019.
Bei: Sh450,000, inapungua kidogo. Muuzaji atalipa ada ya kuhamisha umiliki.
Kilomita: cheti cha Japani 71,000. Mita ilibadilishwa 2022, sasa inasoma 89,000. Jumla halisi haijulikani, inakadiriwa kupita 200,000.
Historia: lilibeba abiria Lodwar-Kakuma 2019 hadi 2022, kisha matumizi ya nyumbani. Logibuku ina jina la muuzaji. Halina deni.
Hali: rejeta mpya 2023. Shokamzoba za nyuma zimechoka. Kiyoyozi hakifanyi kazi.
Lipo Kakuma. Fundi wa mnunuzi anakaribishwa.

Jicho la msomaji linashuka kutoka mstari hadi mstari, na kila mstari una jibu la swali moja. Bei imetangulia kwa sababu ndiyo inayoamua kama ataendelea kusoma.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, yataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012 inaharamisha madai ya uongo ya wafanyabiashara. Hata hivyo, kesi ni ndefu na mahakama si jirani na kila mtu. Mhariri hawezi kukagua injini akiwa mezani, wala hana uwezo wa kuthibitisha kila neno la muuzaji. Anachoweza ni kukataa tarakimu isiyolingana na hesabu ya barabara. Mnunuzi wa Lodwar akisoma kwamba mita ilibadilishwa, ataamua akiwa nyumbani kama Sh450,000 ni bei ya haki, kabla hajapanda gari la kwenda Kakuma.