Mkono ukifika kwenye swichi, neno liwe limeshatoka

Mwandishi, uliposema kwenye makala yako kwamba kazi ni kutafsiri vizuri kisha msomaji ahimizwe kuongeza kasi, hapo sikubaliani nawe. Naishi Ganshoren, Brussels, na hurekodi sauti za Kiswahili kwenye video za mafunzo za viwanda vya Kichina. Chukua agizo la kuzima umeme kwanza, halafu kufungua kifuniko cha mashine. Kichina kinalimaliza kwa silabi nane, na picha inachukua kama sekunde tatu. Ukiandika “Kwanza hakikisha umezima umeme, kisha ndipo ufungue kifuniko”, hizo ni silabi 25. Fundi anaonekana ameshafungua wakati wewe bado uko kwenye umeme. “Zima umeme. Fungua kifuniko” ni silabi 12, na zinaacha nafasi ya kupumua kati ya vitendo viwili.

Na ndugu uliyependekeza kwenye maoni ya hapo juu “Usifungue kifuniko kabla ya kuzima umeme”, Kiswahili chako ni safi, lakini mwanafunzi anasikia kifuniko huku akionyeshwa swichi. Mpangilio wa maneno ufuate mkono wa fundi. Mimi huanza kwa kutazama video bila sauti, naandika dakika na sekunde ambapo kila kitendo kinaanza, ndipo natunga sentensi. Maelezo ya sababu nayahamishia pale kamera inapoonyesha mashine nzima bila mtu kufanya kitu. Tafadhali, wanaotoa kazi hizi, mtutumie video yenyewe, si maandishi matupu.