Salamu Haidaiwi Sababu



Katika kundi letu la WhatsApp imezuka kauli nisiyokubaliana nayo, na kwa kuwa wenye kuisema ni wengi, nimeona niijibu kwa maandishi. Wanasema kwamba mtu asiyejulikana akituletea ujumbe wa kwanza wenye "Salaam" tupu, au mkono mmoja wa kupunga 👋, hastahili jibu mpaka aeleze yeye ni nani, nambari ameipata wapi, na anataka nini. Mimi nasema salamu haidaiwi sababu. Aliyebisha hodi yuko nje, hajui nyumba ni ya nani; aliye ndani ndiye mwenye wajibu wa kusema kwanza.

Hoja yao ina asili yake, nami naijua. Maofisini, watu wanaofanya kazi pamoja wamechoshwa na mwenzao anayeandika "habari" kisha akanyamaza, huku wao wakingoja. Umewekwa hata ukurasa maalumu wa mtandao, nohello.net, kuwaomba watu waunganishe salamu na haja katika ujumbe mmoja. Nimekuwa karani maisha yangu yote ya kazi, na kwa ofisi naafiki. Lakini hapo wawili hao wanajuana, saa zao ni moja, na kila mmoja anajua kazi ya mwenziwe. Anayetuandikia sisi kutoka mbali kwa ajili ya nasaba hana hata moja ya hayo matatu.

Tazameni barua za wazee wetu. Barua za Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, kama zile alizozichapisha Büttner mjini Berlin mwaka 1892, hutanguliza salamu na taadhima, ndipo likafuata jambo lenyewe. Simu imeikata barua hiyo vipande viwili. Kijana anayetuma salamu peke yake ametuma kipande cha kwanza, naye anasikiliza kama mlango una mtu.

Na mara nyingi kinachomzuia asiandike kipande cha pili ni lugha. Watoto wetu waliozaliwa Maskati wanakisikia Kiswahili nyumbani lakini kuandika wamefundishwa Kiarabu. Wa Uingereza wamefundishwa Kiingereza. "Salaam" ndilo neno lisilomwaibisha yeyote kati yao. Anayetuma kijipicha hukwepa hata hilo. Wala kijipicha hakitufichulii nia yake: ile mikono miwili iliyokutanishwa 🙏 huyu huituma kwa kushukuru, yule kwa kuomba radhi, mwingine kwa dua. Basi kukikisia ni kosa, na kumhoji aliyekituma ni kosa kubwa zaidi.

Nitatoa mfano mmoja. Jamaa yetu mmoja, anayehifadhi sehemu ya picha za ukoo, aliletewa mkono wa kupunga kutoka nambari iliyoanza na +44. Alijibu hivi: "Nani wewe? Nambari yangu umeipata wapi? Unataka nini?" Hakupata jibu. Mwaka uliofuata, katika harusi, ikajulikana kwamba aliyeandika alikuwa mjukuu wa shangazi yetu aliyehamia Uingereza. Bibi yake alikuwa hai siku ile, na alikuwa na picha ya wanawake kumi na mmoja waliokaa barazani, Malindi ya Unguja, naye akiwajua wote kwa majina. Picha tunayo sasa. Majina tunayo manne, kwa sababu bibi alifariki kabla ya harusi. Maswali matatu yamegharimu majina saba.

Jibu langu kwa salamu ya namna hiyo ni ujumbe mmoja usio na alama ya kuuliza hata moja:

"Wa alaykum salaam warahmatullah. Umefika Maskati, kwa mtunzaji wa shajara ya ukoo wetu na picha za zamani za Unguja. Ukinitajia jina la babu au bibi yako mmoja, nitamtafuta katika shajara. Ukiwa na picha, itume hata bila maelezo. Unaweza kuandika Kiswahili, Kiarabu au Kiingereza, au kutuma sauti. Ujumbe huusoma kila siku baada ya Alasiri. Karibu."

Kwanza, salamu inarudishwa kamili. Kuanza salamu ni sunna, kuirudisha ni wajibu, na wajibu huo haukuwekewa sharti la kujua nasaba ya aliyesalimu. Kama kilicholetwa ni kijipicha tu, naanza mimi kwa "Assalaam alaykum". Siandiki shikamoo wala marahaba, kwa kuwa zote mbili zinataka umri ujulikane, nao siujui.

Pili, namwambia amefika wapi. Hilo huondoa shaka yake ya kwanza, na kama amekosea nambari, atajua bila kuaibishwa. Tatu, nasema kilichopo, na njia moja nyepesi ya kukifikia: jina moja tu. "Ukinitajia" si sawa na "nitajie", wala si sawa na "nani babu yako?" Neno la kwanza linamwachia hiari, la mwisho linamsimamisha mbele ya dirisha la karani. Hata "nikusaidie nini?", kwa upole wake wote, humdai awe na shida iliyokwisha kupangwa, ilhali huenda alitaka kujua tu kama tupo.

Kisha naacha. Alama mbili zikigeuka buluu bila neno, sifuatilii. Mwaka juzi nambari ya +255 iliniletea "Salaam", nikajibu kama hapo juu, ikanyamaza siku tisa. Siku ya kumi likaja jina moja la babu, na kwa jina hilo tuliunganisha tawi zima la Pemba lililokuwa limeishia hewani katika shajara yetu.

Mtanijibu kwamba matapeli nao huanza kwa salamu tupu. Ni kweli. Lakini tazameni nani anayewasaidia. Anayeuliza "Ni wewe Salim wa Mombasa?" amempa tapeli jina la kuvaa, atajibu "ndiyo, ndugu yangu, nimebadilisha nambari", na baada ya siku mbili ataomba fedha. Ujumbe wangu haumpi cha kuvaa. Hauna jina la mtu, wala tarehe ya kuzaliwa, wala nasaba. Jina la kwanza lazima litoke kwake, nami nalipima kwa shajara. Asiyeweza kutaja babu hata mmoja, akageukia biashara, akaleta kiungo cha kubonyeza, au akaomba zile tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yako, amekwisha kujitambulisha. Hapo mfungie, wala huna haja ya kumjibu tena.

Kwa hiyo nawaomba wale watatu ambao nambari zao zimewekwa wazi kwa ajili ya ukoo wetu wayanakili maneno yale, wabadilishe mji na saa, na wayaweke tayari katika simu zao. Wazee waliobaki wenye kuwajua watu wa picha zetu hawafiki kumi. Mjukuu wa mmoja wao akipunga mkono, asikute mahakama mlangoni.