Nyuso Mbili Katika Picha Moja



Msomaji mmoja wa ukurasa huu aliniletea picha ya arusi ya kwao na kuniuliza kwa nini mjomba wa bwana arusi hakuonekana. Nilidhani hakuhudhuria. Kumbe alikuwa amesimama mstari wa mbele, wa tatu kutoka kulia. Nilichokiona mimi kilikuwa kofia ya vito, meno, na kanzu iliyosimama wima kama iliyotundikwa msumarini. Pembeni yake alisimama baba wa bwana arusi, mtu mweupe mno, na uso wake ulikuwa umetoka vizuri hata ndevu zikahesabika. Mjomba mwenyewe aliipokea picha ile kwa mzaha, akasema yeye ni kivuli cha kofia yake, lakini nakala aliyopewa aliirudisha ndani ya bahasha na hakuichukua.

Hukumu ya picha nimeshaiandikia siku za nyuma na sitaki kuirejea. Leo nasema na wale ambao picha wanazipiga, na wanazitundika sebuleni ili wajukuu wawajue wazee wao.

Kosa halikuwa la rangi ya mtu. Kipima mwanga kilicho ndani ya kamera hakijui uso wala kanzu. Kinachukulia kwamba kila kinachowekwa mbele yake kina rangi ya kijivu cha wastani, na kinafungua au kufunga njia ya mwanga mpaka kipate kijivu hicho. Ile picha ilipigwa nje, jua likiwa utosini, watu wanane wenye kanzu nyeupe mbele ya ukuta uliopakwa chokaa. Kamera ikaona weupe mtupu, ikapunguza mwanga ili weupe ule uwe kijivu, na uso mweusi ukazama. Jua la utosini likamalizia, kwani liliacha macho ya kila mtu gizani chini ya paji la uso. Mpiga picha alipofika kwake akajaribu kuing'arisha picha nzima kwa kompyuta. Mjomba akapata pua na macho yaliyojaa chenga, na baba wa bwana arusi akawa mweupe kama karatasi, ndevu zake zisionekane tena.

Hata hivyo, haki haikamiliki bila kutaja kwamba vyombo vyenyewe vilikuja kwetu vimeelemea upande mmoja. Kampuni ya Kodak, tangu miaka ya 1950, iliwapelekea wenye maabara za kusafishia picha za rangi kadi yenye sura ya mwanamke wa kizungu, iliyokuja kujulikana kwa jina la Shirley, ili wasawazishe rangi kwa kuifuata ngozi yake. Uso ukiwa mwingine, mtambo haukuwa na habari nao. Miongoni mwa waliolalamika mapema na kusikilizwa walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, kwa kuwa hudhurungi za bidhaa zao hazikutofautika katika matangazo. Kadi zenye sura za watu wa rangi mbalimbali zilienea baadaye, katika miaka ya 1990. Chokoleti ilitangulia kusikilizwa kuliko watu. Msomaji aitafakari mwenyewe.

Turudi kwenye familia yetu. Siku chache baadaye walikusanyika tena nyumbani kwao Mji wa Kale, baada ya sala ya alasiri, na kijana wa nyumba ile mwenye kamera yake akaniomba nikae naye. Tuliwaweka kwenye daka, mbele ya mlango mkubwa wa kuchonga, penye mabaraza ya mawe pande mbili. Daka ni mahali pazuri mno kwa kazi hii, kwa kuwa jua haliingii moja kwa moja, na ukuta mweupe wa nyumba ya ng'ambo ya kichochoro unarudisha mwanga mpana na laini. Uso mweusi unaonekana kwa mng'ao wake kuliko kwa weupe wake. Mwanga mpana ukipita juu ya shavu na paji, unaacha mng'ao mpole unaochora umbo. Taa ndogo kali huacha nukta nyeupe tu, na pembeni yake giza.

Kijana aliisogeza kamera mpaka uso wa baba wa bwana arusi ukajaza kioo, akapima. Kamera ikamwambia 1/250 ya sekunde. Akafanya vivyo hivyo kwa mjomba, ikamwambia 1/30. Wengi hapa hukata tamaa, wakidhani lazima mmoja atolewe mhanga. Lakini kumbuka kwamba kamera inataka kuwafanya wote wawili kijivu. Mtu mweupe anatakiwa atoke mweupe kuliko kijivu, basi tunamwongezea mwanga hatua moja, na 1/250 inakuwa 1/125. Mtu mweusi anatakiwa atoke mweusi kuliko kijivu, basi tunampunguzia hatua moja, na 1/30 inakuwa 1/60. Umbali uliokuwa wa hatua tatu umebaki hatua moja tu.

Hatua hiyo moja tuliitafuta kwa miguu. Mjomba alikuwa ameketi ndani, karibu na mlango. Tukamwomba asogee kwenye ukingo wa daka na ageuze uso kidogo kuelekea ukuta wa ng'ambo. Baba wa bwana arusi hakuondoka alipokuwa. Kijana akapima tena, na uso wa mjomba sasa ukasema 1/60, maana mwanga uliomfikia ulikuwa maradufu. Ukiupunguza hatua moja, nao unafika 1/125. Nyuso zote mbili zikakutana kwenye namba moja, akaifunga hapo kwa mkono ili kamera isiibadilishe.

Kanzu nyeupe ya mjomba, iliyomponza mara ya kwanza kwa kuidanganya kamera, mara hii ilimfaa, kwa sababu ilitupa mwanga chini ya kidevu chake.

Mwenye simu tu afanye hivi: awapange watu kwa utaratibu huohuo, kisha abonyeze kwa kidole juu ya uso mweupe bila kuachia. Katika simu za aifoni yatatokea maandishi AE/AF LOCK, na alama ya jua pembeni. Aishushe alama hiyo au aipandishe mpaka mikunjo ya paji la mtu mweupe ionekane bila kuungua, halafu amtazame mweusi. Ikiwa bado amezama, dawa ni kumsogeza karibu na mwanga, si kupandisha alama ya jua. Na ile sehemu ya simu inayolainisha na kung'arisha nyuso aizime kabisa. Hiyo haimwonyeshi mjomba; inamtengeneza mtu mwingine akamvika kanzu ya mjomba.

Kabla ya watu kutawanyika, ikuze picha kwenye kioo. Kwa mweupe tafuta unywele mmojammoja wa ndevu. Kwa mweusi tafuta ukingo wa kope, na mahali shavu linapoachana na kivuli cha shingo. Uso mweupe ulioungua haurudi tena kwa ufundi wowote wa baadaye. Uso mweusi uliopungukiwa kidogo unaweza kuinuliwa peke yake kwenye kompyuta, hatua moja hivi, lakini uliozama kabisa ukiinuliwa huleta chenga na rangi ya majivu ambayo mwenyewe hana.

Picha ya daka ilichapishwa nakala tisa. Mjomba aliomba mbili, moja akampelekea dada yake Lamu.