Githeri Man Aligeuzwaje Mwizi wa Chama Huku Kondele?

Kuna meme ilizunguka juzi kwa grupu za WhatsApp za Kondele na Manyatta, labda ilikufikia. Jamaa wa boda, mweka hazina wa chama ya steji yake, anaonekana ameshika paper bag akikula githeri. Maneno juu: "Mweka hazina wetu leo asubuhi, akikula pesa zetu." Watu wakacheka. Lakini kuna wanachama hawakucheka. Walienda steji wakamnyang'anya ufunguo wa pikipiki mpaka aonyeshe doh iko wapi.

Omera, hiyo picha si ya leo asubuhi, na si ya Kisumu. Ni ya Kayole, Nairobi, tarehe 8 Agosti 2017, siku ya uchaguzi. Msee alikuwa kwa foleni ya kura akikula githeri kutoka kwa paper bag, na siku hiyohiyo Kenya mzima ikamwita Githeri Man. Wasee wa fotoshop wakambandika kila mahali, na kabla mwaka uishe akapewa medali ya Head of State Commendation. Kama 2017 ulikuwa klasi tatu, ni rahisi usiijue.

Sasa wacha nikuonyeshe vile niliipata. Kwanza, usitumie skrinshoti yenye jina la grupu na emoji. Dawnlodi picha yenyewe, kisha ukate maneno ya juu, juu hayo ndiyo hubadilishwa kila saa. Nikaiweka kwa Google Lens: ikaleta sura zingine kwa mwili uleule. Hiyo tayari ni jibu nusu. Kama mwili mmoja una vichwa vitano, kuna kichwa kimoja tu ni chake.

Halafu nikaenda TinEye. Huko unaweza kupanga matokeo kwa "Oldest", "Biggest image" au "Most changed". Watu wengi hubonyeza "Oldest" na kuishia hapo, na hapo ndio ngori huanza. Hiyo tarehe ni siku TinEye iliiona picha mara ya kwanza, si siku ilipigwa. Kwa hivyo cheki "Biggest image" pia. Picha ikitumwa WhatsApp hupunguzwa, na mtu wa meme hukata pembeni. Kopi kubwa, yenye vitu vingi pembeni, mara nyingi ndiyo iko karibu na ya kwanza. Kwa hii yetu, kopi kubwa ilionyesha foleni ya wapiga kura. Aliyetengeneza meme aliikata foleni makusudi, juu ukiiona tu, stori ya chama inakufa.

Ukipata zote mbili, ziweke zikae saizi moja kwa simu, uslaidi huku na huku haraka. Chagua kitu kimoja kisichofaa kusonga. Mimi nilitumia paper bag. Bag haikusonga, mkono haukusonga, nguo hazikusonga. Kichwa pekee kiliruka. Ukizoom shingoni, rangi inabadilika ghafla pale kola inaanza, na uso ulikuwa kliya kuliko mkono ulioshika githeri. Kamera moja kwa kawaida haipigi uso fiti na mkono ukungu wakati viko karibu hivyo. Ule uso ulitoka kwa profaili pikcha yake mwenyewe. Kivuli cha pua kiko upande mmoja, cha mkono upande mwingine.

Lakini usijichocheze sana. Kuna meme hautapata alama yoyote, juu picha haijaguswa kabisa. Ni maneno tu yamebadilishwa. Hapo kuzoom shingo ni kupoteza bando. Tafuta kopi kubwa, usome bango za nyuma, namba za magari, nguo za watu, halafu uulize kama zinakubaliana na maneno. Na kama Lens na TinEye zote zimenyamaza, geuza picha kama kioo ujaribu tena. Zikinyamaza bado, hiyo haimaanishi picha ni ya ukweli. Inamaanisha haijapatikana tu.

Yule jamaa alirudishiwa ufunguo jioni, baada ya mtu kutuma ile picha ya foleni kwa grupu na wakahesabu doh ya chama mbele ya wote. Haikukosa hata bob. Lakini siku nzima ya kubeba abiria ilienda, na hakuna aliyemlipa.

Kampeni za 2027 zinakuja, na mwili wa Githeri Man utarudi na vichwa vipya. Kabla ubonyeze foward, tafuta foleni iko wapi.